Sabuni Kwenye Sufuria ya Bixente

Katika mji mdogo wa bandari wa Murgitxo, pwani ya Wabaski, Karmele Urkiaga alikuwa mtu ambaye kila mtu alimpenda na hakuna aliyetaka kumwalika chakula cha mchana. Hakuwa mlafi wala mgomvi. Tatizo lilikuwa swali lake. Ukimwekea samaki mezani, hata kabla hajavuta kiti vizuri, angekuuliza kwa upole kabisa, "Huyu alitoka kwenye barafu saa ngapi?" Ukisita kujibu, angesukuma sahani pembeni na kuomba mkate na jibini. Wenye nyumba walinuna, na wageni wengine wote wakaanza kumtazama samaki wao kwa jicho la shaka.

Aliingia kiwanda cha samaki wa makopo akiwa na miaka kumi na saba, akakaa meza moja na mama yake, wakisafisha dagaa kwa vidole mpaka kucha zikanuka chumvi hata siku za harusi. Baadaye kiwanda kilipofungua chumba cha maabara wakatafuta mtu makini wa kumsaidia mkemia, naye akapelekwa huko. Kazi yake ikawa kupokea jodari na vibua waliotoka melini, kuchagua samaki tisa katika kila shehena, kukata kipande cha kila mmoja, kusaga na kupima. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na minne, na alipostaafu walimpa saa ya ukutani, naye akajipa mwenyewe zawadi moja: kipimajoto alichotumia maabara, chenye ncha ya sindano. Tangu hapo kilikaa kwenye mkoba wake, kati ya rozari na peremende.

Lakini ukali wake kuhusu samaki haukutokana na maabara. Ulianza zamani, akiwa bado mezani na mama yake. Siku moja ya joto kreti za vibua zilisahaulika uani tangu asubuhi hadi alasiri. Karmele alizipitia mara tatu, akaona barafu imekuwa maji. Msimamizi alikuwa mtu wa kufoka, na Karmele akanyamaza. Msimamizi akaamuru vibua hao wachomwe vizuri kwenye tanuri wawe chakula cha wafanyakazi, maana moto, alisema, husafisha kila kitu. Kabla ya saa moja kupita, wanawake kumi na wanane walikuwa wekundu usoni kama waliopigwa makofi, wengine wakitapika, wengine wakishika kichwa. Arantza, rafiki yake mwenye pumu, alilazwa hospitali siku mbili. Alirudi mzima. Hata hivyo Karmele hakusahau kwamba aliliona jambo na hakufungua mdomo.

Sasa basi, Ijumaa moja ya Agosti, siku moja kabla ya shindano la marmitako, alisimama akisubiri lifti ya jengo lao. Yeye alikaa ghorofa ya pili, na dada yake Maddi ghorofa ya nne na mumewe Bixente. Marmitako ni mchuzi wa jodari na viazi ambao wavuvi walikuwa wakipika melini, na huko Murgitxo shindano lake ni jambo la kuvunja urafiki. Bixente alikuwa ameshinda mwaka juzi. Tangu siku hiyo alitembea kifua mbele, na akikutana na mtu dukani ananunua viazi alimsimamisha na kumfundisha namna ya kuvikata.

Mlango wa nje ukafunguliwa, akaingia Bixente, jasho likimtiririka, amekumbatia gunia lenye mkia unaochungulia.

"Shemeji!" akasema kwa furaha. "Nishikie lifti! Umemwona mtoto huyu? Kilo tisa! Nahodha kanipa mwenyewe kwa mkono wake, mbele ya watu. Wamenipiga picha naye, ya gazeti."

"Hongera," Karmele akasema. Lifti ikafika, wakaingia, akabonyeza kitufe. "Meli iliingia saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Na sasa ni saa tisa."

"Ndiyo maana nina haraka."

"Alikuwa wapi saa zote hizo?"

Bixente akatazama namba za lifti kana kwamba hajawahi kuziona. "Alikuwa na mimi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa na pale. Watu wananipongeza, siwezi kuwapita kama mwizi! Nimekunywa kidogo kwenye mgahawa wa Zigor, kidogo kwenye baa ya yule mjane, kidogo tena kwa Zigor. Samaki alikuwa kwenye buti ya gari, kivulini kabisa. Na nilimwekea mfuko wa barafu."

"Barafu iko wapi?"

"Kwenye kapeti la gari," akakiri.

Lifti ilipopita ghorofa ya pili Karmele hakushuka. Alifungua mkoba, akatoa kipimajoto, na kabla Bixente hajageuka akakichoma ubavuni mwa jodari.

"We! Umemdunga samaki wangu sindano!"

"Ishirini na sita," Karmele akasema, akimwonyesha. "Huyu ana joto la mtoto anayetoka kuogeshwa. Mtupe, shemeji."

Mabishano yaliendelea mpaka jikoni kwa Maddi. Bixente alimlaza jodari mezani, akainama akamnusa kuanzia kichwani hadi mkiani kwa sauti kubwa, kama mtu anayevuta tumbaku.

"Harufu ya bahari! Nusa mwenyewe. Jicho linang'aa. Samaki mbovu hunuka, hata paka anajua."

"Kuna ubovu unaonuka na ubovu usionuka. Sikiliza nikwambie. Nyama ya jodari, na ya kibua vilevile, ina kitu kinaitwa histidini. Chenyewe hakina neno, kimo tu. Lakini kwenye matamvua na matumbo wanakaa bakteria. Samaki akiwa kwenye barafu, hao wanajikunyata, hawana nguvu. Akipata joto wanaamka, wanaishika ile histidini wanaigeuza histamini. Hiyo ndiyo inayokuumiza. Haina harufu, na jicho la samaki haliijui."

"Sawa! Basi nitawachemsha. Nione ni bakteria gani atavumilia sufuria yangu."

"Utawaua wote, sikatai. Ila walichokwisha kukitengeneza kitabaki. Ni kama wageni wamekuja wakakuvunjia sahani. Hata ukiwafukuza wote, sahani zitajiunga?"

Bixente akafikiri. "Nikimtia friji usiku kucha?"

"Hawatavunja zaidi. Zilizovunjika ni zile zile."

"Friza?"

"Vivyo hivyo."

"Siki?"

"Utapata histamini yenye siki. Shemeji, kiwandani tulikuwa tunapika makopo kwa mvuke, moto unaopita ule wa maji yanayochemka, zaidi ya saa nzima. Shehena ikiingia na histamini, inatoka nayo. Nimeipima mimi, kwa mikono hii. Tulikuwa tunatupa makopo yaliyofungwa vizuri, yamebandikwa lebo."

Maddi, aliyekuwa akimenya vitunguu muda wote huo, akaweka kisu chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini yakitoka yalitoka na muhuri. "Bixente, mtupe huyo mnyama. Nenda sokoni kabla hawajafunga, ununue mwingine."

"Nahodha kanipa kwa mkono wake..."

"Nahodha hatakuja kukushikia ndoo."

Bixente akaomba aachwe peke yake jikoni dakika chache, apangilie mambo yake. Akaachwa. Baadaye Karmele, akiwa dirishani kwake, alimwona akishuka na gunia, akalitia kwenye pipa la taka kwa heshima, akasimama kidogo kama mtu makaburini, kisha akaelekea sokoni. Moyo wake ukatulia. Jioni ile harufu ya mchuzi wa mifupa ilishuka kwa ngazi ikamkuta sebuleni, ikaendelea saa moja, saa mbili, saa tatu. Akajua Bixente kachemsha kichwa na mifupa ya yule samaki mpya ili kesho aende na mchuzi tayari, jambo ambalo kanuni za shindano ziliruhusu. Mchuzi ulinukia vizuri sana, hata akalala na njaa.

Kesho yake uwanja mbele ya bandari ulijaa meza, majiko ya gesi na wanaume waliovaa aproni wakitazamana kwa chuki ya kirafiki. Karmele alifika karibu na saa sita na nusu, akamkuta dada yake nyuma ya meza ya Bixente, anaosha vyombo kwenye beseni.

"Anaendeleaje?"

"Anaonja," Maddi akasema. "Tangu saa nne anaonja. Asubuhi kabla ya kutoka alikunywa kikombe kizima cha mchuzi, anasema eti ni kwa ajili ya nguvu. Amefika hapa akanywa kingine."

Bixente alikuwa ameinamia sufuria na mwiko mkononi. Kwenye meza, juu ya barafu, alikuwa amepanga mapambo: majani, ndimu, pilipili hoho, na katikati kichwa kikubwa cha jodari kilichounganika na uti wa mgongo wake, kimekodolea macho watazamaji. Karmele alikitazama akakisifu moyoni, samaki safi, ameshikwa vizuri. Kisha akahisi kitu kinamkwaruza akilini.

Kama kichwa cha samaki wa sokoni kiko hapa, jana usiku kilichemshwa kichwa cha nani?

Bixente akainuka na kugeuka. Alikuwa mwekundu kuanzia kola ya shati hadi upaa. Haukuwa wekundu wa jiko. Ulikuwa umepakwa sawasawa, masikio yamo, na shingoni palikuwa na mabaka yaliyovimba kama ramani ya visiwa.

"Shemeji," akasema, akilamba midomo. "Nimezidisha pilipili? Ulimi unaniwasha ajabu. Na hizi ngoma, wanapiga wapi?"

"Hakuna ngoma. Ni moyo wako. Bixente, mchuzi wa mifupa umetoka wapi?"

Akatazama pembeni. "Nyama nilitupa. Nyama yote! Uliniona."

"Na kichwa?"

"Kichwa si nyama! Kichwa, mifupa na vipande vya tumbo vidogo vidogo. Jodari aliyetolewa na nahodha, shemeji, nisibaki hata na harufu yake? Na nilichemsha saa tatu nzima. Sikuchemsha kama unavyochemsha wewe chai. Mpaka maji yakabaki nusu! Kuna nini kinachoweza kubaki?"

"Yaliyopungua ni maji," Karmele akasema. "Histamini haipandi na mvuke. Umeikusanya kwenye nusu sufuria."

Wakati huohuo kipaza sauti kikalia. Gaizka, mwendesha shindano, mtu mwenye sauti ya kuuza mnada, alitangaza kwamba waamuzi wanaanza na bingwa wa mwaka juzi. Watatu walikuja na vijiko vyao vimefungwa utepe. Wa mbele alikuwa Don Zenon, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na mbili, ambaye moyo wake ulikuwa umetengenezwa mara mbili hospitalini Bilbao.

Karmele akamshika Gaizka mkono. "Wasile. Mchuzi una sumu."

"Mama Karmele," Gaizka akacheka, bila kuondoa kipaza sauti mdomoni, "raia wataonja saa nane! Foleni ni ile pale!"

Watu wakaangua kicheko. Karmele akamgeukia Bixente. "Waambie."

Bixente alifungua mdomo. Alitazama waamuzi, akatazama ule umati, akatazama sufuria yake iliyokuwa na rangi ya dhahabu na matone ya mafuta yanayoelea kama jua la jioni. Akafunga mdomo. Mikono yake ikachukua upawa, ikajaza bakuli la kwanza, ikamkabidhi Don Zenon. Mzee akapuliza.

Karmele alikuwa na miaka sitini na nne. Hakuwahi maishani mwake kufanya jambo lolote mbele ya watu zaidi ya kuimba kwaya, tena mstari wa nyuma. Akakumbuka kreti za vibua uani na mdomo wake ulivyokuwa umefungwa. Akanyoosha mkono kwenye beseni la Maddi, akachukua chupa ya sabuni ya vyombo, ile ya kijani yenye harufu ya tufaha, akaigeuza juu ya sufuria na kuikamua kwa mikono miwili mpaka ikakoroma. Kisha akalipiga bakuli la Don Zenon likaruka na kumwagikia viatu vya Gaizka.

Watu wakasogea kutazama. Sufuria, iliyokuwa bado inachemka, ilianza kutoa povu. Povu likapanda, likafunika viazi, likavuka ukingo, likashuka mezani taratibu na kukifunika kichwa cha jodari mpaka yakabaki macho.

"Huyu mama kachanganyikiwa!" mtu akapiga kelele.

"Ni wivu! Wivu wa familia!"

"Samaki wa nahodha, jamani!"

"Karmele," Maddi akasema polepole, "hiyo sabuni ilikuwa mpya."

Bixente alimnyooshea mwiko shemeji yake, akavuta pumzi ya kumtukana, na tusi likamkwama. Uso ukabadilika. Akaushika ukingo wa meza, akasema kwa sauti nyembamba, "Nadhani nahitaji choo," akakimbia akivua aproni njiani.

Dakika kumi baadaye alikuwa amelala kwenye hema la huduma ya kwanza, ndoo pembeni, kichwa kinampasuka. Nahia, muuguzi wa zamu, alimpima presha, akasikiliza kifua, akamuuliza kama ana mzio wa samaki.

"Mimi?" Bixente akalia. "Ninakula jodari tangu sijaota meno!"

"Si mzio," Karmele akasema. Akaeleza buti ya gari, saa saba za joto, kichwa, mifupa na vikombe viwili.

Nahia akakubali kwa kichwa, akiandaa sindano. "Inafanana sana na mzio, ndiyo maana watu wengi huambiwa wasile samaki tena maisha yao yote. Mtu mwenye mzio, mwili wake mwenyewe ndio unaoimwaga histamini. Huyu ameinywa ikiwa imeshatengenezwa. Dawa ni ile ile. Tumchome sindano, tumwangalie pumzi na presha, na tumpeleke hospitali kwa usalama tu. Baba, utapona."

Bixente hakusikia neno la mwisho. Alisikia "sindano" na "hospitali," na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama pikipiki. Akamshika mkewe mkono.

"Maddi. Ninakwenda."

"Huendi kokote."

"Nisikilize, sitaki kufa na uongo. Ule ushindi wa mwaka juzi." Akamvuta karibu. "Ule mchuzi wa mifupa uliosifiwa na gazeti. Haukuwa wa mifupa. Mifupa iliniungulia. Nilitia vidonge vya supu. Vinne. Vya kuku."

Hema lilikuwa la turubai jembamba, na nje yake walikuwa wamesimama watu kama arobaini waliokuja kuona kama bingwa anakufa. Ukasikika mguno mmoja mrefu, kisha sauti ya Gaizka: "Vya kuku?"

Maddi akainamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, Karmele akadhani analia, akamwekea mkono mgongoni. Hapo akagundua kwamba dada yake anacheka, anacheka mpaka anakosa pumzi, mpaka Nahia akamsogezea kiti.

Ndani ya saa moja dawa ilikuwa imefanya kazi. Wekundu ulishuka kutoka upaa hadi kidevuni, ngoma zikanyamaza, na Bixente, akiwa amekaa kitandani hospitalini na glasi ya maji, alianza kuuliza kwa wasiwasi ni nani hasa walikuwa nje ya hema.

Karmele hakupata sifa siku ile. Wiki nzima watu walimpita njiani wakijifanya wanatazama madirisha ya maduka. Mwokaji mkate alimpa mkate wake bila neno. Aliumia kuliko alivyoonyesha, na nyakati za asubuhi alikaa jikoni akijiuliza kama angeweza kupiga kelele tu, bila sabuni. Kila mara alifikia jibu lile lile: alipiga kelele, wakacheka.

Maofisa wa afya walikuja kuchukua sampuli, wakaikuta sufuria ina povu lisilopimika. Ila Maddi alikuwa na chupa ya ule mchuzi kwenye friji, iliyobaki usiku wa kuamkia shindano. Majibu yalipotoka, Nahia aliyaleta mwenyewe kwenye mgahawa wa Zigor, akayasoma kwa sauti: histamini ilizidi kiwango kinachoruhusiwa mara saba. Don Zenon, aliyekuwa akinywa kahawa kwenye kona, aliomba karatasi aisome mwenyewe, akaisoma mara mbili, akavaa kofia. Alitembea polepole mpaka ghorofa ya pili, kwa ngazi maana lifti ilikuwa mbovu, akagonga. Karmele alipofungua, mzee alikuwa anahema hawezi kusema, akamwinamia tu kama mtu anayemsalimia malkia, akaomba maji.

Kuhusu Bixente, alijificha siku tisa. Siku ya kumi alitoka, na katika kuzunguka kwa Zigor na kwa mjane, simulizi yake ikaanza kubadilika. Kwanza alisema aliushuku mchuzi tangu mwanzo. Baadaye akasema ndiyo maana aliuonja mara nyingi, ili kuhakikisha. Kufikia Oktoba alikuwa amejitoa mhanga kwa ajili ya waamuzi watatu na wananchi mia nne, na shemeji yake, kwa makubaliano yao ya siri, alikuwa na kazi ya kumalizia kwa sabuni tu.

"Wewe unamwacha aseme hivyo?" Maddi alimuuliza Karmele siku moja, Bixente akiwa katikati ya watu anaeleza namna histamini isivyopanda na mvuke, akichora hewani kwa vidole.

Karmele akasikiliza kidogo. Alikuwa anaeleza vizuri. Hakukosea hata neno.

"Mwache," akasema. "Wakisikia kwake watakumbuka."